"Nilikuwa narudi kwenye T": kisa cha rali moja ya skwoshi

Kijana alibaki amesimama katikati ya korti, akimwangalia refa aliyekuwa juu kwenye kibaraza. "Lakini mimi nilikuwa narudi kwenye T tu!" Refa hakubadili kauli. Mwili wa kijana ulikuwa umezuia raketi ya mzee, kwa hiyo pointi ilikuwa ya mzee. Hiyo ilikuwa gemu ya nne, mzee akiongoza kwa gemu mbili kwa moja, na matokeo yalikuwa 9–9. Yakawa 10–9, na pointi iliyofuata ndiyo iliyomaliza mechi.

Mimi ndiye ninayemfundisha kijana huyu. Ana miaka 22, ana mbio kuliko mtu yeyote ninayefanya naye mazoezi, na maneno "piga, rudi T" aliyapata kwangu. Mpinzani wake ana miaka zaidi ya 55 na anacheza goti likiwa limefungwa bendeji. Mzee hakukimbia hata mara moja katika rali ile ya 9–9, na kijana hakupumzika hata mara moja. Nilikuwa nimeegemeza simu nyuma ya kioo cha ukuta wa nyuma, ikirekodi picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo usiku ule niliirudia rali nzima picha baada ya picha. Nilitaka kujua jambo moja tu: kila mpira ulipogongwa, yule asiyegonga alikuwa wapi, na miguu yake ilikuwa inafanya nini?

Kabla ya kuingia kwenye rali yenyewe, tuangalie kwanza hiyo T.

Korti ya skwoshi ya mchezo wa watu wawili ina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Kuna mstari unaokata sakafu kwa upana, na mwingine unaotoka katikati yake kwenda ukuta wa nyuma ukigawa nusu ya nyuma kushoto na kulia. Mistari hiyo ipo kwa ajili ya sevu, ule mpira wa kuanzisha rali. Mahali inapokutana panafanana na herufi T, na hapo ndipo wachezaji wamejichagulia kituo. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kusimama hapo. Ni hesabu ya umbali tu.

Ukisimama kwenye T, kona za mbele ziko mita 6.3 hivi kutoka kwako, na kona za nyuma mita 5.3. Toa urefu wa mkono, toa raketi, toa na ile hatua ndefu ya mwisho ambayo goti linakunjwa na mwili unalala mbele. Vyote kwa pamoja vinakupa kama mita 2. Kwa hiyo mbio halisi ni zaidi kidogo ya mita 4 kwenda mbele na zaidi kidogo ya 3 kwenda nyuma. Sasa jiulize ingekuwaje kama ungebaki kwenye kona ya nyuma kushoto baada ya kupiga. Kona ya mbele kulia iko mita 11.6 na ushee kutoka hapo. Hata ukitoa zile mita 2, bado unabaki na mbio za zaidi ya mita 9 kuufuata mpira ambao, ukichezwa vizuri, hautakupa hata sekunde 2 kabla ya kudunda mara ya pili.

Hapo kuna kitu kinachonivutia kila ninapokieleza kwa wanafunzi. T haiko katikati ya korti. Mstari wa upana uko mita 4.26 kutoka ukuta wa nyuma na kama mita 5.5 kutoka ukuta wa mbele, yaani umesogea nyuma ya katikati kwa zaidi ya nusu mita. Juu ya hilo, wachezaji wazuri hawasimami hata kwenye mstari wenyewe. Wanasimama nyuma yake, hatua moja ya kawaida, wakati mwingine zaidi. Kama hesabu ingekuwa ya umbali peke yake, wangesogea mbele.

Wanasimama nyuma kwa sababu mwili hauendi mbele na nyuma kwa urahisi uleule. Kwenda mbele unauona mpira na ukuta, unakimbia kama anavyokimbia mtu yeyote. Kwenda nyuma lazima ugeuze nyonga kwanza, na kugeuka kunakula muda. Pia mpinzani anapopiga akiwa kwenye kona ya nyuma, dropu yake, yaani mpira mfupi wa kudondoka karibu na ukuta wa mbele, inasafiri zaidi ya mita 8 kabla ya kufika ukuta huo. Ina njia ndefu, nawe una nafasi ya kuiona ikitoka. Jambo la tatu ni voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda. Mtu aliye hatua moja nyuma ya mstari anapata upenyo wa kuudaka hewani mpira unaopita pembeni yake, kabla haujafika kona. Aliyesimama juu ya mstari anaukuta mpira huohuo umeshampita bega.

Kipimo hicho cha hatua moja si cha kuganda. Mpira wa skwoshi ukiwa baridi unadunda kidogo sana na dropu zinafia palepale, kwa hiyo unasogea mbele. Korti ikiwa na joto mpira unaruka, mipira mirefu inatoka kwenye ukuta wa nyuma, unarudi nyuma kidogo. Mpinzani akiwa mbele karibu na bati, ile sehemu ya chini ya ukuta wa mbele ambayo mpira hautakiwi kuigonga, anaweza kukuua kwa mpira mfupi haraka mno, kwa hiyo unapanda. Akiwa kona ya nyuma kushoto, unaegemea nusu hatua kushoto, kwa sababu draivu yake, yaani mpira mrefu wa kwenda nyuma, ikiwa ya kunyooka ndiyo inayofika haraka kuliko ile ya kukata korti, ambayo lazima ipite karibu nawe.

Sasa rali. Wote wawili wanatumia mkono wa kulia.

Kijana alisevu kutoka boksi la kulia kwenda upande wa kushoto. Anayesevu ana bahati: mpira wake uko mbali, muda upo, na T iko hatua mbili tu kutoka boksi. Kijana alifika mapema akasimama juu kabisa ya mstari, miguu imetulia, raketi juu. Lakini uso wake ulikuwa umeelekea ukuta wa mbele. Mzee alikuwa nyuma yake kushoto, akijiandaa kuudaka mpira hewani, na kijana hakumwangalia. Aliusikia tu mlio. Nilihesabu picha 9 tangu raketi ya mzee iguse mpira mpaka goti la kijana lilipoanza kusogea, yaani sehemu tatu za kumi za sekunde. Mzee alikuwa amefungua bega kupiga mpira wa kunyooka. Mtu aliyegeuza shingo angeliona lile bega kabla raketi haijafika kwenye mpira.

Tuseme wazi kwamba hii ndiyo mara pekee katika rali nzima ambayo kijana alikuwa ametulia mzee alipopiga.

Voli ya mzee ilitambaa karibu na ukuta wa kushoto mpaka nyuma. Kijana alifika, akakunja mkono, akaachia draivu ya kunyooka kwa nguvu zake zote. Ukiitazama kwa macho ya kawaida, ni mpira mzuri: una kasi, uko karibu na ukuta, sauti yake inajaza korti. Tatizo lake ni kimo. Uligonga ukuta wa mbele chini, kama nusu mita juu ya bati, ukadunda mara ya kwanza mbele ya mstari wa upana, ukapanda kando ya boksi la sevu kwenye usawa wa kiuno. Mzee hakuwa na haja ya kwenda nyuma. Alipiga hatua moja kushoto, akauchukua hapohapo.

Tangu kijana agonge mpaka mzee agonge zilipita picha 27. Sekunde 0.9. Katika muda huo kijana alitakiwa kumaliza mkono wake, kutoka kona ya nyuma, na kufika T. Alikimbia kweli. Picha ya 27 inamwonyesha mguu wa kushoto uko hewani, mwili umelala mbele, amebakiza nusu mita kufika mstari. Mzee akarudisha mpira kulekule kona ya nyuma kushoto alikotoka.

Picha hii nilimwonyesha kijana siku iliyofuata, na nadhani ndiyo iliyomfungua macho kuliko maelezo yangu yote. Alikuwa karibu kabisa na T. Kama kazi yake ilikuwa kufika T, alikuwa ameikaribia. Lakini uzito wote ulikuwa unakwenda mbele, na mpira ulikuwa unakwenda nyuma. Ilimchukua picha 14 kusimama na kugeuka tu, karibu nusu sekunde, kabla ya kuanza hatua ya kwanza ya kurudi. Angesimama mita 2 nyuma zaidi, mahali palepale ambapo dakika ile angekuwa amefika bila kukimbia sana, miguu yote miwili chini, angeufikia ule mpira akiwa na nafasi ya kuchagua cha kufanya.

Hapa ndipo nilipoona kosa langu la kufundisha. "Rudi T" inamwambia mchezaji mahali bila kumwambia saa. Saa yenyewe ni ile mpinzani anapogonga. Kabla tu ya kugonga huko, mchezaji mzuri anafanya kiruko kidogo, kisigino hakipandi hata upana wa vidole viwili, na anatua miguu imepanuka kuzidi mabega, magoti yamelegea, wakati uleule mpira unapotoka kwenye raketi ya mwenzake. Kutua huko ndiko kunakompa msukumo wa kwenda upande wowote. Anayekimbia hawezi kutua. Ameshachagua upande mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama umetulia, na la pili ndilo la mahali. Nusu njia ukiwa umetulia unalinda korti vizuri kuliko juu ya T ukiwa unapita mbio.

Turudi kwenye rali. Mpira wa nne ulimkuta kijana amechelewa, umeshampita mwili. Kwa mkono uliobanwa hakuweza kuunyoosha, akaukata kwenda kulia. Mpira wa kukata korti una sharti lake: ukitoka ukuta wa mbele unapaswa uende upana, ugonge ukuta wa pembeni karibu na usawa wa boksi la sevu au nyuma yake, ili mtu wa katikati asiufikie hewani. Huu ulikuwa mwembamba. Ulirudi ukipita kama mita moja kutoka T.

Na mzee alikuwa wapi? Hatua moja nyuma ya mstari, miguu imetulia, uso umegeukia bega la kushoto akimwangalia kijana kwenye kona. Baada ya kupiga ule mpira wa nne alihitaji hatua mbili tu kufika hapo. Aliudaka mpira hewani na kuudondosha kona ya mbele kulia.

Kijana alikuwa bado nyuma kushoto, ametoka kwenye kona hatua mbili. Ile safari ya kona kwa kona niliyoitaja mwanzo, sasa ndiyo hiyo imemfika. Watu waliokuwa wakitazama walipiga makofi alipoufikia mpira, na kweli zile mbio zilistahili: kama mita 7 na nusu, raketi imenyooshwa, goti karibu na sakafu. Dropu ya mzee haikuwa kamili, ilidunda ikapanda kidogo, na ndiyo maana ulifikika. Kijana akaunyanyua wima kando ya ukuta wa kulia.

Akageuka na kukimbia kuelekea T, kama alivyofundishwa. Safari hii alikuwa na picha 40 na alifika. Alifika kwa kasi ya kurudi nyuma, bega limegeukia ukuta wa kushoto, macho yakiwa sakafuni kwa sehemu kubwa ya njia. Mzee, aliyekuwa amesogea kulia kuufuata mpira, aliuinua lobu ya kukata korti kwenda kona ya nyuma kushoto.

Ile lobu ndiyo mpira ninaoupenda kuliko yote katika rali hii. Ilipanda karibu na mstari wa juu wa ukuta wa mbele, ambao uko mita 4.57 kutoka sakafuni, ikavuka korti juu ya kichwa cha kijana, ikashuka kwenye kona. Kutoka raketi ya mzee mpaka kijana alipoigonga nilihesabu picha 75, sekunde 2 na nusu. Linganisha na zile 27 za draivu kali ya kijana. Katika sekunde hizo mzee alitembea, kwa maana ya kutembea, kutoka upande wa kulia mpaka mahali pake nyuma ya T, akapumua, akageuza shingo, akakaa tayari. Hakuhitaji goti zima kwa kazi hiyo. Muda aliununua kwa mpira wenyewe.

Ndiyo hesabu ambayo vijana wenye mbio hawaioni, kwa kuwa miguu yao inawafichia. Kila mpira unaopiga unaamua ni sekunde ngapi utapewa za kurudi. Mpira wa chini wenye kasi unarudi kwako na kasi yake. Usipokuwa umemweka mpinzani pabaya kabla ya kuupiga, unajiwekea mbio mwenyewe. Mpira wa juu unaogonga ukuta juu ya mstari wa sevu, ambao uko mita 1.78 kutoka sakafuni, unakwenda polepole, unadundia nyuma ya boksi la sevu na kumpeleka mpinzani mpaka kona. Unakupa karibu sekunde 2, na huyo mpinzani anaondoka mahali unapopataka wewe. Wanaomkumbuka Jansher Khan, aliyechukua ubingwa wa dunia mara 8, wanasema alionekana kama hakimbii. Mtu asiyekimbia katika kiwango kile ni mtu ambaye kila mpira wake umemwachia muda.

Kijana aliufikia ule mpira wa lobu. Alikuwa na muda wote duniani, lakini miguu ilikuwa imechoka na mkono umelegea. Alipiga draivu ya kunyooka iliyoachana na ukuta. Ilirudi ikiwa mita moja na nusu kutoka ukuta wa kushoto, fupi, karibu na mstari wa upana. Mzee alisogea kushoto, akageuza bega na kupeleka raketi nyuma tayari kupiga.

Na kijana akakimbilia T.

Kutoka kona ya nyuma kushoto kwenda T ni mstari mmoja ulionyooka, na mzee alikuwa amesimama karibu nao, mkono umekunjwa nyuma. Raketi yake ilipoanza kushuka ilikutana na bega la kijana. Mzee alisimamisha mkono, akaomba leti, yaani rali irudiwe, refa akampa pointi. Kanuni iko wazi: ukishapiga, unadaiwa na mwenzako mambo manne, yaani auone mpira unapotoka ukutani, aufikie kwa njia ya moja kwa moja, apate nafasi ya kuzungusha raketi kwa kiasi kinachofaa, na awe huru kuupeleka popote kwenye ukuta wa mbele. Mzunguko wa raketi ukizuiwa kabisa kwa kuguswa na mwili wako, pointi ni yake hata kama ulikuwa unajitahidi kutoka. Nia ya kurudi T haikupi haki ya njia.

Angefanya nini? Mara nyingi njia ya kutoka kona ya nyuma si ule mstari ulionyooka. Baada ya draivu iliyokaa vizuri, mpinzani anatoka T kuja kwenye kona na wewe unatoka kona kwenda T, kwa hiyo mkichukua njia moja mtagongana. Anayetoka anaanza kwa kuingia katikati ya nusu ya nyuma, kisha anapanda kwa upinde. Anayekuja anashuka upande wa mbele, karibu na boksi la sevu. Ni kama nyumba yenye milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Lakini mpira ukiwa umetoka ukutani na mfupi kama huu wa kijana, hata huo upinde haupo. Mpira na mpinzani vyote viko kati yako na T. Unachobaki nacho ni kuingia katikati ya nusu ya nyuma, kutulia hapo, na kutegemea kuwa utauona mpira ukitoka. Unaweza kupoteza rali, ndiyo. Lakini nafasi ya kuishinda bado ipo, ambayo kijana aliitupa alipojaribu kupita mwilini mwa mtu.

Nilipomaliza kuhesabu, mzee alikuwa ametulia mahali pake kila mara kijana alipogonga baada ya sevu, mara 4 kati ya 4. Kijana, katika mara 5 ambazo mzee alipiga au alitaka kupiga, alikuwa ametulia mara 1, ile ya sevu, na hata hapo akiangalia upande usio wenyewe.

Tulifanya kazi kwa wiki tatu. Sikumwongezea mbio hata kidogo. Kitu cha kwanza kilikuwa zoezi ambalo mwanzoni alilichukia: tunacheza draivu za kunyooka upande mmoja, na kila raketi yangu inapogusa mpira, yeye anatakiwa awe amesimama, popote alipo. Akiwa hatua tatu kutoka T, asimame hapo. Kama picha ikionyesha mguu hewani kwa kukimbia, pointi ni yangu. Siku mbili za kwanza alikuwa anasimama mbali sana na T na kulalamika kwamba korti yote ya mbele iko wazi. Nilimwachia wazi. Siku ya tatu alianza mwenyewe kupiga juu zaidi, kwa sababu aligundua kwamba mpira ukipanda, anaposimama anakuwa amefika. Sikuwa nimemwambia bado habari za kimo. Nilibandika utepe tu kwenye ukuta wa mbele, nusu mita juu ya mstari wa sevu, nikamwambia huo ndio mlengo wake akiwa nyuma.

Shingo ilikuwa ngumu kuliko miguu. Watu wengi wanaogopa kuangalia nyuma wasije wakapigwa na mpira usoni, na hofu hiyo ina msingi. Miwani ya kinga ipo kwa ajili hiyo, na alianza kuvaa. Tena huhitaji kugeuka mwili mzima. Miguu inabaki ikielekea ukuta wa mbele, kifua kinageuka robo, na macho yanamfuata mpinzani juu ya bega mpaka raketi inaposhuka. Kipimo nilichotumia ni kumwuliza baada ya rali: "Bega lake lilikuwa wapi?" Akijibu bila kufikiri, alikuwa anaangalia.

Mazoezi ya kivuli, yale ya kukimbilia kona bila mpira na kurudi, tuliyabakisha lakini tukayabadilisha. Zamani alikuwa akirudi T kwa kasi ileile aliyokwendea kona, akikanyaga mstari kama anaugonga mlango. Sasa anakwenda kona kwa kasi, anatoka kwa hatua ndefu mbili za haraka, kisha anapunguza mpaka kile kiruko kidogo, nami napiga kofi wakati wowote nipendao kuwa ndiyo raketi ya mpinzani. Kofi likimkuta anakimbia, kona hiyo inarudiwa.

Walikutana tena na mzee baada ya hapo. Kijana alishindwa, gemu 3 kwa 2, na gemu ya tano iliishia 12–10. Nilirekodi tena. Nilichagua rali ndefu zaidi ya mechi, iliyokuwa na mipira 31, nikahesabu: kijana alikuwa ametulia mara 11 kati ya mara 15 mzee alizopiga. Zile 4 zilizobaki zilikuwa zote baada ya mipira ya kukata korti iliyotoka myembamba, kwa hiyo najua wiki ijayo tunaanzia wapi.

Mechi ilipoisha mzee alikaa kwenye benchi akifungua bendeji ya goti. Kijana alimwendea kumpa mkono. "Shikamoo mzee, leo ulikimbia," akamwambia.

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akilikanda goti. "Umenitoa pale pangu mara nyingi mno."

Kisha akamwuliza ule utepe wa kwenye ukuta wa mbele ulikuwa wa nini.